Mapengo ya Barua ya Bibi

Mjomba wangu aliichoma barua ya bibi kwa heshima zote. Alitawadha kwanza. Akakusanya kurasa za misahafu zilizochanika, juzuu za watoto wa madrasa zilizoliwa na mchwa, na kila karatasi ya mle nyumbani yenye herufi za Kiarabu, kwa sababu karatasi ya namna hiyo haitupwi jalalani; huenda jina la Mungu limo. Akavichoma uani, akayafunga majivu kwenye kitambaa cheupe, akayapeleka baharini. Ndivyo wafanyavyo wengi wa kwetu Mikindani Ramadhani inapokaribia, na hakuna anayemlaumu mtu kwa hilo. Mimi nilimlaumu.

Barua yenyewe ilikuwa ya Kiswahili, na hapo ndipo paliponiuma. Bibi, mama yake mama, hakuingia shule. Alisoma chuo cha Kurani, akaandika maisha yake yote kwa herufi alizofundishwa huko, kutoka kulia kwenda kushoto, Kiswahili kitupu. Alipofariki, karatasi ilikutwa imekunjwa ndani ya msahafu wake, na kwa nje ina jina la mama yangu. Mjomba, kaka yake mama, aliifungua, akaitazama, akasema ni dua. Akairudisha msahafuni, na msahafu ukabaki kwake kwa kuwa yeye ndiye mkubwa. Mama alipewa kuishika siku ya hitma tu, akaketi nayo uani mpaka alipoambiwa aitoe.

Mama hakuwahi kuamini kwamba ni dua. Alikuwa akisema dua inaombwa kwa Mungu, haikunjwi ikaandikwa jina la binti wa mtu kama bahasha. Lakini kusoma hakuweza. Herufi alizijua za chuoni, zile zenye irabu zake juu na chini, zilizopangwa vizuri kama vyombo kabatini. Mkono wa bibi ulikuwa mkono wa mtu mwenye haraka zake, irabu chache, maneno yamesongamana. Na mjomba naye hakuweza, nasema wazi, ila yeye ni mwalimu wa madrasa, na kwake kusema sijui kulikuwa kugumu kuliko kusema dua.

Inabidi nieleze kwa nini karatasi moja ilimnyima mama raha miaka yote hiyo. Baba yangu ni Mmakonde wa Kitaya, kule mpakani, mtoto wa watu wa mihogo na samaki wa Ruvuma. Alikuja Mikindani kijana, akifanya kazi ya kuponda mawe ya matumbawe ya kujengea. Akamwona mama, akaposa kwa adabu zote. Mwislamu kama wao, anaswali kama wao, lakini bibi alimkataa kwa kuwa ni mtu wa mtoni, na wao ni waungwana wa nyumba ya mawe. Babu, ambaye alikuwa na roho nyepesi, ndiye aliyewaozesha. Bibi siku hiyo hakutoka chumbani. Tangu hapo hakuwahi kulitamka neno mume akimkusudia baba yangu. Alimwita yule mtu. Yule mtu hajambo? Yule mtu amepata kazi? Baba akimsindikiza mama Mikindani aliketi nje barazani, akaletewa chai hapo hapo nje, na bibi alipozikwa, baba alipokea jeneza mlangoni, hakuvuka kizingiti. Bibi alipokwisha kuondoka, mjomba aliendeleza desturi hiyo bila hata kuitamka.

Mama alitaka kujua jambo moja tu: kama mama yake alikufa bado akimwita mumewe yule mtu.

Mimi nina steshenari pale Mtwara mjini, karibu na soko. Nachapa, narudufu, napiga picha za pasipoti. Kila siku watu wananitumia kwenye simu picha za mwandiko: mihutasari ya vikao, barua za kuomba kazi, katiba za vikundi. Kwa hiyo kusoma mikono ya watu ndiyo riziki yangu, japo kwa herufi hizi za shule. Siku nilipokwenda Mikindani kwa msiba wa jirani nilimwomba mjomba anifungulie msahafu wa bibi, nikaipiga picha ile karatasi juu ya meza. Mteja wangu mmoja, mwalimu wa sekondari, alikuwa amenielekeza kwa mwanamke wa Unguja aliyestaafu kazi ya kusoma hati za zamani za Kiswahili. Nilimtumia picha usiku huo huo. Mwanamke huyo nitamwita Mwalimu, kama nilivyomwita tangu mwanzo.

Mwalimu wakati huo alikuwa akitibiwa macho, simu haigusi. Nami nikawa naitazama ile picha mwenyewe kila nikikosa wateja, naikuza kwa vidole, najaribu kuunganisha herufi. Nilipata neno hapa na nusu neno pale. Kisha simu yangu ikafa ikiwa kwenye chaji. Fundi aliifungua, akanionyesha bodi iliyoungua, akasema picha zilizokuwa ndani nizisahau. Mimi ambaye nawaambia wateja kila siku watunze nakala, nakala sikuwa nayo.

Sikuhangaika sana, kwa sababu picha nilishaituma. Mwalimu alipopona macho akafungua ujumbe wangu. Alichokikuta ni kile kivuli kidogo chenye ukungu kinachotangulia picha kabla haijapakuliwa. Alipokigusa, simu ikamwambia picha haipo tena, amwombe mtumaji aitume upya. Akaniomba. Nikapanda bajaji kwenda Mikindani kuipiga upya, na ndipo mjomba aliponieleza habari za majivu na kitambaa cheupe, kwa sauti ya mtu anayengoja kupewa ahsante.

Nilimwambia maneno ambayo mtoto wa dada hamwambii mjomba wake. Hakunijibu kwa hasira. Alisema kwamba dua ikichomwa haipungui, aliyeandikiwa keshapata fungu lake, na kwamba mama yangu sasa apumzike na mambo ya zamani. Nikamuuliza ni dua gani hiyo, aniambie neno lake moja tu. Akasema ni dua ya mzazi. Nikaondoka bila kuaga, na bado sijaona kosa langu.

Kila mtu aliniambia basi. Fundi alisema basi, jirani yangu wa duka la vitambaa alisema basi, hata dada yangu alisema tumwambie mama kwamba ilikuwa dua kweli, ili moyo wake utulie. Nikamuuliza kama yeye akifa atapenda tumtungie barua. Karatasi hakuna, picha hakuna, lakini hilo neno basi lilikuwa likinichoma zaidi ya vyote. Nikamwandikia Mwalimu: picha imekufa, karatasi imechomwa, bado kuna lolote?

Akajibu: "Macho yaliyoiona yapo. Wewe umeitazama, na mama yako ameishika. Niandikie."

Nikamwandikia usiku ule ule, nimejawa na ari. Nikasema ilikuwa barua ya mama kwa binti yake, nzuri, inataja nyumba na inataja moyo, na mimi nahisi anamsamehe. Asubuhi nikakuta jibu ambalo lingenikata maini kama ningekuwa mtu wa kukatika maini. Alisema nimemletea maana ya kitu ambacho bado hakijasomwa. Alisema hataki kujua barua inasema nini. Anataka kujua ilionekanaje. Yeye akishaambiwa kwamba ni msamaha, kila doa litasoma msamaha.

Kisha akanipa kazi. Nianze na karatasi: ukubwa wake, ya daftari au ya barua, imekunjwa mara ngapi, imechanika wapi. Wino gani, kalamu gani. Mistari mingapi, upi mrefu, upi mfupi, kuna nafasi iliyoachwa juu au pembeni. Halafu nipite mstari kwa mstari, kuanzia kulia, na kwa kila neno ninalolikumbuka nitaje umbo herufi baada ya herufi kwa majina yake ya chuoni: nukta ngapi, ziko juu au chini, kipi kimeshikana na kipi, wapi kuna kijiti kilichosimama, wapi kuna mkia ulioshuka. Nisilolikumbuka niliache wazi na niseme kwamba ni wazi, na kama najua ukubwa wa pengo, nitaje ukubwa wake. Kila kitu nikiwekee alama moja kati ya tatu: nimekiona kwa hakika, nadhani nilikiona, sikumbuki. Mwisho kabisa, chini ya mstari nitakaouchora, ndipo niweke ninavyobahatisha mimi na alivyosema mjomba, yeye asome sehemu hiyo baadaye.

Nilimuuliza kwa nini nisichukue karatasi nikachora, nikampigia picha ya mchoro. Akasema mchoro utakuwa na mkono wangu, na yeye atajikuta anasoma mkono wangu akidhani ni wa bibi. Kwenye mchoro huwezi kuacha jambo bila kuliamua. Kalamu ikipita imeshapita. Maneno yanaweza kusema sina hakika. Nikamuuliza basi kwa nini nisitumie herufi za Kiarabu za kwenye simu. Akasema simu itaziunganisha yenyewe na kuzinyoosha, na umbo nililoliona litapotea ndani ya unadhifu wa simu. Niandike kwa majina: mimu, wau, kafu.

Akataka pia habari za bibi. Alizaliwa wapi, alisoma chuo gani, alisema Kiswahili cha namna gani, alikuwa akiandika nini siku za kawaida. Nikamweleza kwamba alikuwa msusi wa mikeka, na maneno ya miyaa, ukili na msala hayakumwisha kinywani, kwamba alizaliwa na kufa Mikindani, na kwamba alikuwa na maneno ya zamani ya pwani yetu ambayo sisi tumeyaacha. Nikamwandikia machache niliyoyakumbuka. Nikamtajia majina ya watu wa karibu naye na mahali alipokuwa na mashamba, kwa sababu Mwalimu alisema neno analolijua mtu ndilo atakaloliandika.

Na jambo la mwisho: mama asione nilichoandika, wala mimi nisione chake kabla changu hakijafika Unguja. Alisema watu wawili wakikaa pamoja kukumbuka, hutoka na kumbukumbu moja iliyonona, na hiyo haimfai.

Nilifunga steshenari siku hiyo. Niliandika nimekaa sakafuni, mlango nimeurudisha. Karatasi ya daftari la shule, yenye mistari ya samawati, imechanwa upande wa kulia. Kalamu ya wino wa buluu, uliofifia kwenye mikunjo. Imekunjwa mara mbili. Mistari minane. Wa kwanza mfupi, katikati, ni Bismillahi, kwa hakika. Wa pili unaanza na kwa mwanangu na jina la mama, kwa hakika. Wa tatu nilikumbuka salamu mwanzoni, baadaye wazi. Mstari uliofuata kulikuwa na shini, nukta zake tatu juu, halafu mimu, halafu be, halafu alifu, na kabla yake na baada yake pengo. Chini yake kulikuwa na neno lililokuwa likinishinda kwenye simu mpaka nikawa naligonga kwa ukucha: mimu imeshikana na wau, nafasi ndogo, kisha kiduara kidogo kilichofumba, kimeshikana na ye yenye mkia, haina nukta, kisha wau peke yake, kisha kafu imeshikana na wau. Umbo kwa hakika. Mwisho kabisa, mstari wa chini, mama yako, kwa hakika, maana alifu zake zilisimama wima kama nguzo mbili. Chini ya mstari nilioambiwa niuchore nikaandika kwamba lile neno lililonishinda nabahatisha ni moyo wako, na mjomba anasema barua yote ni dua.

Nikaituma Unguja, ndipo nikaenda Naliendele kwa mama. Yeye na baba wana nyumba huko, kando ya mikorosho yao. Nilimkuta anachekecha unga wa muhogo. Nilipomweleza kazi aliyotupa Mwalimu hakuuliza maswali. Alisema yeye kuandika hawezi kwa maneno mengi, lakini kidole chake kinakumbuka, kwa sababu siku ile ya hitma alikuwa akiyafuatisha maandishi kwa kidole mpaka karatasi ikalowa jasho. Akautandaza unga kwenye sinia, akaulaza kwa kiganja, akaanza kuandika kutoka kulia.

Mimi kazi yangu ilikuwa kutazama na kuandika nilichokiona kwenye unga, nisimsaidie. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Akiandika, anafuta kwa kiganja, anaanza mstari mwingine. Pale kidole kilipokwama, aliacha pengo na kusema hapa sijui. Kwenye mstari wa tano alipita bila kusita: mimu na wau, nafasi, kiduara na ye, wau, kafu na wau. Nilikaza uso nisioneshe kitu. Nikaandika herufi zile kwa majina, nikaeleza kwamba zimeandikwa kwa kidole kwenye unga na nani, na kwamba hakuwa ameona zangu. Baba alikuwa mlangoni muda wote ule, ameegemea jembe. Nilipomaliza akauliza kama unga ule bado tutaula. Mama akacheka, mara ya kwanza tangu habari ya majivu.

Mwalimu alichukua muda wake. Mara kwa mara alikuwa ananirudia na maswali madogo. Mama amesema mistari ni saba, mimi nimesema minane. Yeye akakitazama kile kivuli chenye ukungu kilichobaki kwenye simu yake. Herufi hazionekani, lakini mistari inahesabika kama matuta ya mihogo ukiwa mbali, na ni saba. Nilikuwa nimekosea, akaandika saba. Kivuli hicho hicho kilionyesha mstari wa kwanza mfupi katikati, na hapo tulikuwa sahihi sote wawili. Akauliza kuhusu mstari wa tano: kile kiduara baada ya wau, nina hakika kimefumba, hakina nukta chini yake? Nikamjibu kimefumba, na nukta hakuna, ndiyo maana kilikuwa kikinishinda, kwani ningetaka kiwe ye ya moyo na hakikukubali. Akauliza kama kulikuwa na kijiti chochote kilichosimama kabla ya kafu. Nikasema hapana. Na mama, nilipomuuliza peke yake, akasema hapana.

Ndipo akatuma alichokiita usomaji, akaonya kwamba si nakala ya barua. Ni usomaji wa kumbukumbu za watu wawili, na kila atakayeuona aambiwe hivyo. Mstari wa kwanza, hakika. Wa pili, hakika. Wa tatu, salamu, karibu na hakika, kwa sababu barua za zamani huanza hivyo na sote wawili tuliiona sini. Wa nne, pengo, kisha shamba au chumba, kisha pengo. Nilimwomba aandike chumba, kwa kuwa bibi alikuwa na chumba alichokifunga tangu siku ya harusi ya mama. Akakataa. Alisema waandishi wengi wa zamani waliandika ch kwa shini, na bibi alikuwa pia na shamba. Yaandikwe yote mawili. Wa sita, wazi wote, isipokuwa kafu moja ndefu aliyoikumbuka mama. Wa saba, mama yako, hakika.

Na wa tano: pengo, kisha mume wako, kisha pengo. Moyo haliwezekani, alisema, kwa sababu kile kiduara kilichofumba ni mimu ya pili. Mama nalo haliwezekani, kwa sababu bibi huyo huyo ameandika mama kwenye mstari wa saba na ametia alifu mbili, na hapa hakuna hata moja. Mashahidi wawili ambao hawakuonana wametoa umbo lile lile, na mmoja wao alikuwa anabahatisha neno jingine kabisa. Akamalizia hivi: "Kwamba aliandika mume wako, nasimama nalo. Alisema nini juu ya huyo mume, sijui, na hakuna anayejua."

Nilipandwa na hasira. Nilimpigia simu nikamwambia amenipa mlango bila chumba. Kabla ya neno hilo kungeweza kuwa na njoo wewe na, au usije na, au kitu kingine chochote, na yeye ananiachia hewa. Aliniacha nimalize. Kisha akasema kama nataka mtu wa kujaza, wapo wengi, tena mmoja ni mjomba wangu. Nikakata simu, na baada ya kuoga nikampigia tena kumshukuru.

Mama nilimsomea usomaji ule jikoni, pamoja na mapengo yake. Nilijitayarisha kumbembeleza. Aliposikia mstari wa tano akaniambia nirudie, nikarudia. Akaniuliza kama ni hakika. Nikamwambia Mwalimu anasimama nalo. Akaanza kulia, si kilio cha huzuni, na akasema mama yake alikufa hajawahi kulitoa neno hilo kinywani, kumbe mkono wake ulilijua. Nikamkumbusha kwamba hatujui lilikaa kwenye sentensi gani. Akanijibu kwa ukali kwamba yeye si mtoto, kasikia. Hata kama alikuwa anamtukana, alimtukana mume wake, si yule mtu. Hilo alilisubiri, na hilo kalipata.

Ijumaa iliyofuata tulikwenda Mikindani sote watatu. Nilikuwa nimeuchapa usomaji kwa maandishi makubwa, mapengo nimeyaacha kwa upana wake, na juu yake nimeandika kwamba ni kumbukumbu za mama na mimi. Baba alivaa kanzu yake. Tulipofika, kwa mazoea ya miaka yote, akaenda kukaa barazani nje, na mke wa mjomba akaanza kutafuta kikombe cha kumpelekea.

Mimi nilimwamkia mjomba, akaitikia marahaba bila kunitazama vizuri, kwani kule kuondoka kwangu bila kuaga bado kulikuwa kati yetu. Mama akamkabidhi karatasi, akamwomba atusomee. Mjomba akavaa miwani. Akasoma maelezo ya juu, akasoma Bismillahi, akasoma jina la dada yake. Sauti yake ilikuwa nzuri, lazima nikiri, sauti ya mtu aliyesomesha maisha yake yote. Kwenye mstari wa nne alisoma shamba au chumba, akasita. Kisha akaona mstari wa tano. Aliusoma kimoyomoyo kwanza, midomo ilicheza.

Nadhani alielewa ni kitu gani alichokipeleka baharini. Aliinua macho, mekundu, akamwambia mama kwamba yeye anamjua mama yao, na hapo bila shaka ameandika karibuni wewe na mume wako, hapawezi kuwa na kingine. Alisema hivyo kwa mapenzi. Alikuwa anampa dada yake zawadi, na mimi kwa mara ya kwanza sikumchukia.

Mama akamwambia: "Kaka, hapo ni pengo. Pengo ni la mama. Usimtungie."

Mjomba akasema anataka kumfariji tu. Mama akasema alifarijiwa kwa dua miaka yote hiyo na haikumsaidia kitu. Leo anataka kusomewa kilichopo. Akamwambia asome, na penye wazi anyamaze.

Mjomba akarudi kwenye karatasi. Alinyamaza kidogo, akasoma "mume wako", kwa sauti, wazi, ndani ya nyumba ile ya mawe. Akanyamaza tena kwa pengo la pili. Mama akainuka. Akapita ukumbini mpaka mlango wa mbele, nami nikamfuata nyuma. Baba alikuwa ameketi barazani, kikombe mkononi, anatazama barabara.

"Mume wangu," mama akamwambia, "ingia ndani. Tunasomewa barua."

Baba alikitazama kikombe, kisha akakiweka chini, akavua viatu, akavuka kizingiti kwa mguu wa kulia. Akasema hodi ilhali yumo ndani tayari. Mjomba alijisogeza kwenye mkeka, akapapasa mahali palipobaki wazi kando yake, akasema, "Karibu, shemeji." Baba akaketi, amenyoosha mgongo, mikono magotini, kama mtu aliyeitwa ofisini. Mama akaketi karibu naye, goti likimgusa, jambo ambalo halikuwahi kufanyika mbele ya watu wa nyumba ile.

"Endelea," mama akasema. "Kuna wa sita."

Mstari wa sita haukuwa na kitu ila ile kafu moja. Mjomba akauinamia, akapitisha kidole chake kutoka kulia hadi kushoto, polepole, karatasi karibu yote nyeupe, na sote tukakaa kimya kwa urefu wake. Kisha akasoma wa saba.